Kinu cha nyuklia huzimwa kwa sekunde, joto lake hudumu kwa siku

Mnamo Ijumaa, Machi 11, 2011, saa nane na dakika 46 alasiri kwa saa za Japani, tetemeko la ardhi la kipimo cha 9 liliitikisa pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi, vinu vitatu kati ya sita vilikuwa vikifanya kazi. Vyote vitatu vilijizima vyenyewe katika muda wa sekunde chache, jinsi vilivyoundwa kufanya, na kuzimika kwenyewe hakukuwa na dosari yoyote. Hata hivyo, kabla ya siku nne kutimia, vinu hivyo vilivyokuwa vimekwisha kuzimwa vilikuwa vimeyeyuka ndani, kimoja baada ya kingine.

Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza: kilichozimwa kinayeyukaje? Jibu lake ni joto ambalo halina swichi, nalo huitwa joto la masalia. Mengi yaliyosemwa kuhusu ajali hiyo yalihusu tsunami, mlipuko na mnururisho. Joto hili lililosababisha mlipuko na mnururisho huo lilitajwa kwa uchache, ilhali ndilo linaloamua iwapo wahudumu wa kinu wana dakika, saa au siku za kujiokoa wanapopoteza umeme.

Joto linatoka wapi

Ndani ya kinu mna maelfu ya fito nyembamba za fueli. Kila ufito ni bomba la madini ya zirkoni lililojazwa vidonge vya urani. Chembe iitwayo nyutroni inapoigonga atomi ya urani, atomi hupasuka vipande viwili, ikatoa joto na nyutroni nyingine mbili au tatu, ambazo nazo huenda kupasua atomi nyingine. Huo ndio mfululizo unaochemsha maji, na mvuke wake ndio unaozungusha mashine za kufua umeme.

Kuzima kinu ni kuingiza kati ya fito hizo vyuma vinavyofyonza nyutroni. Mfululizo hukatika mara moja na atomi za urani huacha kupasuliwa. Lakini vipande vya zile zilizopasuka jana, juzi na mwezi uliopita vimo mle mle ndani ya fito. Vipande hivi ni atomi zisizotulia. Kila kimoja hutoa miale, kikageuka kuwa kitu kingine, kikatoa miale tena, hadi kifikie hali ya utulivu. Miale hiyo inapozuiwa na fueli yenyewe pamoja na chuma na maji yanayoizunguka, hugeuka kuwa joto.

Hakuna kifaa kinachoweza kuharakisha shughuli hii wala kuichelewesha. Hapa ndipo mfano wa jiko la makaa, ambao wengi huupenda, unapokwama. Makaa ya moto ukiyamwagia maji hufa. Fueli ya nyuklia ukiimwagia maji hupoa kwa muda maji yanapokuwapo tu, kwa sababu maji huondoa joto lililokwisha kuzalishwa na hayakigusi kabisa chanzo chake. Yakikauka, joto huanza kupanda upya.

Kinu kinapokuwa kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, takriban asilimia 6 hadi 7 ya joto lake hutokana na vipande hivi na si mpasuko wenyewe. Kwa hiyo sekunde ile kinu kinapozimwa, nguvu zake hazishuki hadi sufuri. Zinashuka kutoka 100 hadi 6 au 7 kwa mia, na kuanzia hapo huteremka kwa mwendo wake zenyewe.

Mteremko wenye mkia mrefu

Mwendo huo ndio kiini cha jambo hili. Vipande vya atomi ni vya mamia ya aina, na kila aina ina umri wake. Vingine huisha katika sekunde, vingine katika dakika. Iodini ya aina moja inayojulikana sana hupungua nusu kila baada ya siku 8, na seziamu ya aina nyingine huchukua miaka 30 kupungua kiasi hicho. Vile vyenye umri mfupi huunguza nguvu zao zote mwanzoni, na ndiyo maana joto huporomoka upesi katika dakika za kwanza. Vikisha kwisha, vinavyobaki ni vile vya taratibu, na mteremko hulala karibu kama uwanda.

Wanafizikia Katharine Way na Eugene Wigner walitoa mwaka 1948 hesabu fupi ya kukadiria mteremko huu. Katika umbo linalotumiwa sana leo, huandikwa hivi:

P = 0.066 × P0 × [t^-0.2 − (t + T)^-0.2]

Hapa P0 ni nguvu za joto za kinu kabla ya kuzimwa, t ni sekunde zilizopita tangu kuzimwa, na T ni sekunde ambazo kilikuwa kimefanya kazi. Msomaji asiyependa hesabu anaweza kuipita na kukumbuka kanuni moja tu inayotokana nayo: katika saa za mwanzo, ili joto lipungue nusu, hapana budi kusubiri muda unaoweza kufikia mara 32 ya ule uliokwisha kupita. Kutoka sekunde ya 1 kufikia nusu ni nusu dakika hivi. Kutoka dakika ya 1 ni chini kidogo ya nusu saa. Kutoka saa ya 1 ni zaidi ya nusu siku. Baadaye joto hushuka kwa kasi kidogo kuliko kanuni hii, lakini sura ya mteremko haibadiliki.

Hesabu hiyo ni ya makadirio, na katika baadhi ya nyakati inaweza kukosea kwa asilimia 20 au zaidi. Wahandisi wanaobuni vinu hutumia majedwali marefu zaidi yanayofuata kila aina ya kipande. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kujua ukubwa wa tatizo, inatosha.

Tuchukue Kinu Nambari 1 cha Fukushima, kilichokuwa kidogo na kikongwe kuliko vyote kituoni. Nguvu zake za joto zilikuwa megawati 1,380. Tukichukulia kuwa kilikuwa kimefanya kazi mwaka mzima, hesabu inatuambia kwamba sekunde moja baada ya kuzimwa kilikuwa kingali kikitoa karibu megawati 90. Saa moja baadaye ni takriban megawati 15. Siku moja baadaye ni 6 na nusu, juma moja baadaye ni 3 na nusu, na mwezi mmoja baadaye karibu 2.

Tazama jinsi pengo linavyopanuka. Katika saa ya kwanza joto limepoteza megawati 75. Katika saa 23 zinazofuata limepoteza chini ya 10. Mtu aliyeshuhudia saa ya kwanza anaweza kudhani shida inaelekea kwisha, kumbe sehemu rahisi ndiyo iliyopita.

Megawati 6 na nusu si jambo la kudharauliwa. Birika la umeme la nyumbani hutumia takriban kilowati 2. Kwa hiyo siku moja baada ya kuzimwa, kinu hiki kilikuwa sawa na birika zaidi ya 3,000 zinazochemka pamoja ndani ya tangi moja la chuma, usiku na mchana. Ukilipa tangi hilo maji baridi, huyageuza yote kuwa mvuke kwa kiasi cha tani 9 kila saa. Lori la maji la lita 10,000, kama yale yanayoonekana katika mitaa ya Nairobi wakati wa uhaba, lingetosha kwa saa moja na dakika chache tu, kisha lingehitajika jingine.

Yako mambo mawili yanayokwenda pamoja hapa. Kiasi cha maji kinachohitajika si kikubwa mno. Pampu ya kawaida ya zima moto inaweza kukitoa. Kinachoumiza ni kwamba hakiruhusu kusitishwa. Tangi la chuma lina maji ya akiba juu ya fito, na akiba hiyo ndiyo saa ya mhudumu. Ikiisha, fito hutokeza juu ya maji, na mvuke pekee hauwezi kuzipoza vya kutosha.

Kuanzia hapo tatizo hujilisha lenyewe. Maganda ya zirkoni yakifikia takriban nyuzi 1,200 za Sentigredi, huanza kunyakua oksijeni kutoka kwa mvuke kwa kasi. Kitendo hicho hutoa joto jingine juu ya joto la masalia, na huacha hidrojeni, gesi inayolipuka. Vidonge vya urani huyeyuka katika nyuzi 2,800 hivi, lakini maganda na vyuma vilivyo karibu huwa vimekwisha kuporomoka kabla ya hapo. Kwa hiyo mnururisho hautoroki kwa sababu kinu kimewaka tena. Hutoroka kwa sababu ganda lililouzuia limeharibiwa na joto la kinu kilichozimwa.

Kinu Nambari 1: saa tatu tu

Tetemeko lilikata nyaya zilizoleta umeme Fukushima kutoka nje. Jenereta za dizeli za kituo ziliwaka mara moja, na kwa dakika 50 hivi kila kitu kilikwenda sawa. Kisha bahari ikaja. Wimbi lililoingia kituoni lilikuwa la kimo cha mita 13 hadi 15, ilhali kituo kilikuwa kimejikinga dhidi ya wimbi la mita 6 hivi. Jenereta nyingi zilikuwa katika vyumba vya chini ya ardhi, na zikazama. Katika Vinu Nambari 1 na 2, hata betri zililowa. Saa tisa na dakika 37 alasiri, chumba cha udhibiti cha Kinu Nambari 1 kilikuwa gizani na mishale ya vipimo ikiwa imelala.

Kinu hiki kilikuwa na kifaa cha kupozea kisichohitaji pampu. Mvuke kutoka kinuni ulipanda wenyewe hadi kwenye mabomba yaliyozamishwa katika matangi ya maji baridi, ukapoa, ukageuka maji na kurejea kinuni kwa uzito wake. Kifaa hicho kilijiwasha dakika 6 baada ya tetemeko, tena kilipoza vizuri kupita kiasi: kinu kilikuwa kikipoa kwa kasi iliyozidi nyuzi 55 kwa saa, kiwango ambacho masharti ya kazi yalikataza ili chuma cha tangi kisiathirike. Wahudumu wakakifunga, kisha wakawa wakifungua na kufunga upande mmoja wake ili kuidhibiti kasi hiyo. Walifanya kama walivyofunzwa.

Wimbi lilipopiga, kifaa kilikuwa katika zamu ya kufungwa. Isitoshe, kilikuwa kimeundwa hivi kwamba umeme wa kukiongoza ukipotea, vali zake hujifunga. Kifaa pekee ambacho kingeweza kufanya kazi bila umeme kilizimwa na ukosefu wa umeme, na gizani hakuna aliyeweza kuthibitisha kama kilikuwa wazi au kimefungwa.

Wakati huo joto la masalia lilikuwa karibu megawati 15. Kiasi hicho hukausha zaidi ya tani 20 za maji kila saa. Uchunguzi uliofanywa baadaye na kampuni ya Tepco, mmiliki wa kituo, ulionyesha kwamba maji yalifika usawa wa ncha za juu za fito takriban saa tatu baada ya tetemeko, yaani karibu saa kumi na mbili jioni, na fueli ikaanza kuharibika katika saa iliyofuata. Kufikia wakati ambapo wengi nchini Japani walikuwa wakitafuta jamaa zao waliopotezwa na wimbi, na ulimwengu haujajua kwamba kuna tatizo la nyuklia, kinu hiki kilikuwa kimekwisha kupotea.

Je, waliokuwapo wangejuaje? Dalili zilikuwapo, ila moja ilidanganya. Saa tatu na dakika 19 usiku wahudumu walifaulu kuunganisha betri na kukisoma kipimo cha maji. Kilionyesha kwamba maji yalikuwa sentimita 20 juu ya fito. Kipimo cha aina hii hulinganisha uzito wa maji yaliyo tangini na uzito wa maji yaliyo katika bomba jembamba la pembeni. Tangi likipata joto kupita kiasi, maji ya bomba hilo nayo huchemka na kutoweka, na kipimo kikapoteza cha kulinganishia. Hapo husoma juu zaidi ya hali halisi. Fito zilikuwa uchi kwa saa tatu tayari.

Dalili ya kweli ilikuja muda mfupi baadaye, pale mnururisho ulipopanda ndani ya jengo la kinu hata ikapigwa marufuku kuingia. Maganda mazima hayavujishi mnururisho wa kiasi hicho. Dalili ya pili ilikuja usiku wa manane. Saa mbili usiku shinikizo ndani ya tangi la kinu lilikuwa mara 70 la hewa ya kawaida; ilipofika saa tisa kasorobo usiku lilikuwa limeshuka hadi mara 8 hivi, na hakuna mtu aliyekuwa amefungua vali ya kulishusha. Shinikizo likishuka bila kushushwa, maana yake ni kwamba tangi limetoboka mahali.

Lori la zima moto lilianza kuingiza maji alfajiri ya Jumamosi, zaidi ya saa 12 baada ya wimbi, na sehemu kubwa ya maji hayo ikapotelea katika mabomba mengine. Saa tisa na dakika 36 alasiri hiyo hidrojeni iliyokusanyika juu ya jengo ililipuka, na picha za paa likipaa zikaenea duniani.

Kinu Nambari 2: siku tatu, na bado

Ikiwa Kinu Nambari 1 kinaeleza ubaya wa saa za mwanzo, Kinu Nambari 2 kinaeleza ubaya wa mkia. Kwa maoni ya wengi wanaoifuatilia taaluma hii, hicho ndicho chenye funzo gumu zaidi, ingawa jengo lake halikulipuka na hivyo picha zake hazikuvuma.

Kinu hiki kilikuwa na pampu iliyoendeshwa na mvuke wa kinu chenyewe. Kwa bahati wahudumu walikuwa wameiwasha dakika chache tu kabla ya umeme kukatika. Iliendelea kuzunguka gizani, bila kuongozwa na yeyote, ikirudisha maji kinuni. Haikuundwa kufanya kazi namna hiyo kwa muda mrefu. Hata hivyo ilidumu kwa karibu saa 70, hadi Jumatatu, Machi 14, mchana.

Saa 70 ni muda wa kutosha kwa mtu kuamini kwamba joto limekwisha. Hesabu inasema vinginevyo. Kinu Nambari 2 kilikuwa cha megawati 2,381 za joto, na baada ya siku tatu kilibaki na takriban megawati 8. Hiyo ni theluthi moja ya asilimia moja ya nguvu zake za awali. Kwa lugha ya asilimia ni kitu kidogo sana, lakini kwa lugha ya maji ni tani 11 kila saa. Nguvu hizo zinapita zile za kituo kidogo cha umeme wa maji cha Wanjii huko Murang'a, ijapokuwa za Wanjii ni umeme na hizi ni joto.

Pampu ilipokufa, malori ya zima moto yalikuwa tayari na bahari ilikuwa hapo karibu. Kwa nini basi maji hayakuingia? Kwa sababu pampu ya lori haiwezi kushindana na shinikizo la kinu. Ni kama kujaribu kuingiza pumzi kwa mdomo katika gurudumu la lori lililojaa. Ilibidi kwanza vali zifunguliwe ili mvuke utoke na shinikizo lishuke. Kuzifungua kulihitaji umeme wa betri, na wahudumu wakatumia betri za magari zilizokusanywa na kuunganishwa kwa mkono. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi za thamani. Tena kuna adhabu iliyojificha humo: mvuke unapoachiliwa, maji yaliyobaki tangini huchemka kwa fujo na kupungua upesi. Kwa hiyo shinikizo halifai kushushwa kabla maji ya kuyafidia hayajawa tayari kuingia papo hapo.

Karibu saa kumi na mbili jioni shinikizo lilianza kushuka. Saa moja na dakika 20 usiku iligunduliwa kwamba lori lililokuwa likisukuma maji lilikuwa limezimika kwa kuishiwa mafuta. Mnururisho wa vinu jirani ulikuwa umewazuia watu kukaa karibu nalo na kulitazama. Lilijazwa na kuwashwa tena katika muda wa nusu saa hivi, lakini fito zilikuwa zimekwisha kukaa nje ya maji. Kinu kilichookolewa kwa siku tatu na pampu isiyo na nahodha kilipotea jioni moja.

Kinu Nambari 3 kiliangukia katikati ya hivyo viwili. Betri zake hazikulowa, na kwa siku moja na nusu kilipozwa kwa pampu mbili za mvuke, moja baada ya nyingine. Ya pili ilisimamishwa alfajiri ya Jumapili, Machi 13, kwa matarajio ya kuhamia pampu ya shinikizo dogo. Shinikizo likapanda kabla uhamisho haujakamilika, na mlango ukafungwa kwa saa kadhaa.

Waliosalia

Katika kituo hicho hicho vinu vingine vitatu havikuyeyuka, na sababu zake zinafaa kutazamwa. Vyote vilikuwa vimezimwa kwa ukaguzi kabla ya tetemeko: Nambari 6 tangu Agosti 2010, Nambari 4 tangu Novemba 2010 na Nambari 5 tangu Januari 2011. Joto lao la masalia lilikuwa limepungua mno, na saa ya mhudumu ilihesabiwa kwa siku badala ya dakika.

Lakini hata siku huisha. Nambari 5 na 6 ziliokolewa na jenereta moja ya dizeli iliyopozwa kwa hewa, ambayo ilikuwa mahali pa juu na haikufikiwa na maji. Wahudumu walivuta nyaya kutoka Nambari 6 hadi Nambari 5, wakaweka pampu za muda baharini, na mnamo Machi 20 vinu vyote viwili vilifikia hali ya baridi, yaani maji yake yalikuwa chini ya kiwango cha kuchemka. Kinu kilichokuwa kimezimwa kwa miezi miwili kilikuwa bado kinahitaji nyaya hizo.

Nambari 4 hakikuwa na fueli ndani kabisa. Fueli yake yote ilikuwa imehamishiwa katika bwawa la maji lililo juu ya jengo, pamoja na nyingine ya miaka ya nyuma, na bwawa zima lilitoa megawati 2 hivi. Kwa siku kadhaa dunia ilihofia kwamba bwawa hilo lilikuwa limekauka. Maji yalikuwamo, na yalijazwa kwa mitambo ya kumwagia zege, ile yenye mkono mrefu inayotumiwa katika ujenzi wa ghorofa.

Hali kama hiyo, ya kinu baridi kinachotegemea umeme wa nje, imeonekana pia nchini Ukraine. Vinu sita vya Zaporizhzhia vilisimamisha ufuaji wa umeme mnamo Septemba 2022 kutokana na vita. Juni 2023 bwawa la Kakhovka, lililokuwa chanzo cha maji ya kituo, lilivunjwa. Kati ya Septemba na Oktoba 2025 kituo kilikaa takriban mwezi mmoja bila umeme wa nje, kikiendesha pampu zake kwa jenereta za dizeli. Kama vinu hivyo vingekuwa vimetoka tu kuzimwa, Kakhovka ingekuwa habari nyingine kabisa. Kwa kuwa joto lilikuwa limeshuka kwa miezi, maji ya visima vilivyochimbwa kituoni yaliweza kulikidhi.

Kenya, ambayo imekuwa na mpango wa kujenga kituo cha nyuklia, kwanza ikilitazama eneo la Uyombo katika kaunti ya Kilifi, ambako wakazi walipinga mwaka 2024, kisha Siaya, itakutana na hesabu hii hii. Kinu cha megawati 1,000 za umeme hutoa megawati 3,000 hivi za joto. Saa moja baada ya kuzimwa kitakuwa na karibu megawati 32, na siku moja baadaye 14. Miundo mipya huweka matangi makubwa ya maji juu ya kinu ili yateremke yenyewe, na baadhi huahidi saa 72 bila umeme wala mkono wa mtu. Mwananchi anayehudhuria vikao vya umma ana haki ya kuuliza nini kitatendeka katika saa ya 73, nani ataleta maji, kwa njia ipi, na jenereta zitawekwa kwenye kimo gani.

Fukushima yenyewe ingali inapozwa. Maji huingizwa katika vinu vitatu vilivyoharibika, siku hizi kwa kiasi cha tani chache kwa saa. Mnamo Mei 2019 Tepco ilisitisha kwa makusudi maji ya Kinu Nambari 2 kwa saa chache ili kupima kitakachotokea, na joto lilipanda kidogo mno. Miaka minane ilikuwa imefanya kile ambacho siku tatu hazikuweza. Kilichobaki ndani ni takriban tani 880 za fueli iliyoyeyuka na kugandamana na vyuma na zege. Kipande cha kwanza kilitolewa Novemba 2024, kwa mkono wa chuma ulioongozwa kutoka mbali, na uzito wake haukufika gramu moja.